Sura ya 7: TSh Ndani ya Pikseli 16

Ikoni ndogo kabisa ambayo programu ya kawaida ya kompyuta huihitaji ni ya mraba wa pikseli 16 kwa 16. Ndiyo inayokaa pembeni mwa jina la faili kwenye orodha, kwenye kona ya dirisha, na kwenye kichupo cha kivinjari. Jumla yake ni nukta 256, na kila moja ina rangi moja tu. Mtu akikuambia uweke maneno ndani ya eneo hilo, jibu la kwanza linalopaswa kukujia ni hapana. Lakini kuna wakati maneno ndiyo yenye kazi. Programu ya mauzo ya dukani inayotunza risiti za nchi tatu inahitaji ikoni tatu za risiti, na kinachozitenganisha ni herufi tatu tu: TSh kwa Tanzania, KSh kwa Kenya, USh kwa Uganda. Ukiondoa herufi hizo, mwenye duka la mpakani Namanga atabaki na vikaratasi vitatu vinavyofanana, asijue abofye kipi.

Wachoraji wengi huanzia juu. Wanachora ikoni kubwa ya pikseli 256 kwa 256, herufi nene, kila kitu safi, kisha wanaiamuru programu iipunguze hadi 16. Karatasi ya risiti hutoka salama, na rangi pia. Maandishi hutoka yakiwa na ukungu. Ukiyatazama kwa mbali unahisi kuna kitu kimeandikwa, ukisogea hakisomeki. Dawa yake ni moja: maandishi hayapunguzwi, yanachorwa upya pikseli kwa pikseli kwa ukubwa ule ule yatakaoonekana. Sura hii inaifuata ikoni ya TSh tangu ilipoharibika mpaka ilipokaa sawa.

Kwanza tuone ukungu unatoka wapi. Kutoka 256 hadi 16 ni kupunguza mara 16 kila upande. Maana yake kila kipande cha pikseli 16 kwa 16 kwenye picha kubwa kinageuka pikseli moja kwenye picha ndogo, na rangi ya pikseli hiyo ni wastani wa rangi zote zilizokuwamo. Chukua mguu wa herufi T. Tuseme kwenye picha kubwa una upana wa pikseli 16, mweupe juu ya kijani kibichi. Kama mguu unaanza kwenye safu ya 64, ambayo ni 16 mara nne, basi unaingia wote ndani ya kipande kimoja, na kwenye ikoni ndogo unakuwa safu moja nyeupe, kali. Lakini ukianza kwenye safu ya 72, nusu yake inaangukia kipande hiki na nusu nyingine kipande cha jirani. Matokeo yake ni safu mbili za rangi ya katikati, na hakuna hata moja iliyo nyeupe. Mchoro ni ule ule, herufi ni ile ile. Tofauti ni pikseli nane za mahali ulipokaa. Fonti ya kawaida haijui lolote kuhusu vipande vyako vya 16. Inaweka miguu yake inapotaka, kwa hiyo herufi moja hutokea kali kwa bahati na ya pili yake ikawa ukungu.

Kuna jambo la pili linaloongeza ubaya, nalo hushangaza hata watu waliokaa kwenye kazi hii miaka mingi. Rangi kwenye faili huandikwa kwa namba kutoka 0 hadi 255, lakini namba hizo haziendi sambamba na mwanga. Pikseli ya 128 haitoi nusu ya mwanga wa pikseli ya 255. Inatoa kama asilimia 22 tu. Nusu ya kweli iko karibu na 188. Programu nyingi hupiga wastani wa namba bila kujali hilo. Basi ule mguu mweupe uliogawanyika mara mbili unatoa, kwa safu zote mbili, mwanga ulio chini ya ule wa safu moja nyeupe. Ndiyo maana maandishi meupe juu ya rangi nzito yakipunguzwa huonekana yamekonda na kufifia, wakati meusi juu ya nyeupe huonekana yamenenepa.

Kwa hiyo tunafuta maandishi yote kwenye ile ikoni ya 16, tunaacha karatasi ya risiti na utepe wa kijani uliobeba maandishi ukiwa mtupu, na kuanza na swali la hesabu: herufi ndogo kabisa inayosomeka ina ukubwa gani?

Jibu linatoka kwenye maumbo yenyewe. Herufi E ina mistari mitatu ya kulala, na kati yake lazima kuwe na nafasi mbili, la sivyo mistari itaungana. Tatu na mbili ni tano. S na B zina hitaji hilo hilo. Kwa hiyo urefu wa herufi kubwa hauwezi kushuka chini ya pikseli 5. Kwa upana, H ina miguu miwili na nafasi moja katikati: pikseli 3. Herufi nyingi za alfabeti yetu zinaingia kwenye 3 kwa 5. Zinazogoma ni M na W, ambazo zina miguu mitatu na nafasi mbili, hivyo zinadai upana wa 5, na N inayotaka 4 ili mstari wake wa mshazari upate pa kupita. Ikiwa unachagua kifupisho cha kuweka kwenye ikoni na una hiari, kikimbie chenye M au W.

Hiari hiyo tulikuwa nayo. Mteja alipenda kwanza vifupisho vya kibenki, TZS, KES na UGX, kwa kuwa ndivyo vinavyoandikwa kwenye taarifa za benki. Ukivichora kwa 3 kwa 5, TZS inaleta balaa. S yenye kona za mraba ni sawasawa na tarakimu 5, haina tofauti hata ya pikseli moja. Z inatofautiana na 2 kwa pikseli mbili tu za mstari wa katikati. Mtu anayepitisha jicho kwenye orodha ya faili za fedha, ambako tarakimu zimejaa kila mahali, anasoma T25. TSh iliepusha hilo, na isitoshe ndivyo watu wanavyoandika bei kwenye vibao vya maduka.

Herufi tatu za upana wa 3, na safu moja tupu kati ya kila mbili, zinafanya 11. Hapa ndipo ikoni ya 16 inapokuwa na ukaidi wake: 11 ni witiri, 16 ni shufwa, na ukitoa unabaki na 5, ambazo hazigawanyiki sawa kushoto na kulia. Kishawishi ni kusogeza maandishi kwa nusu pikseli ili yakae katikati. Programu ya kuchora itakubali, na papo hapo kila mguu utagawanyika na ukungu wote utarudi. Pikseli haina nusu. Badala ya kusogeza maandishi, badilisha kinachoyazunguka. Tuliufanya utepe wa kijani kuwa na upana wa 15, ambao nao ni witiri, na karatasi ya risiti nyuma yake upana wa 13, hivyo utepe unachomoza pikseli moja kila upande kama lebo iliyobandikwa. Maandishi ya 11 ndani ya utepe wa 15 yanaacha pikseli 2 kila upande. Safu ya 16 ikabaki tupu kulia, na hakuna mtu aliyewahi kuiona. Kwa urefu, utepe ni pikseli 7: tano za herufi, moja juu, moja chini. Bila pikseli hiyo moja ya kijani juu na chini, vichwa vya herufi vingegusana na weupe wa karatasi na kuyeyukia humo.

Huu ndio utepe mzima. Nukta ni kijani, alama ya reli ni nyeupe, na alama ya kujumlisha ni rangi ya kati nitakayoieleza.

```
...............
..###..##.#....
...#..#...#....
...#..+#+.##...
...#....#.#.#..
...#..##..#.#..
...............
```

T haina maneno mengi. Ina upana wa witiri, hivyo mguu wake unakaa katikati kabisa. Tatizo lake ni uwazi chini ya mkono wa kulia: kati ya mguu wa T na S kuna safu mbili tupu, wakati kati ya S na h kuna moja. Jicho linaona T imejitenga. Unatamani kuivuta S iingie chini ya mkono wa T, kama wachapaji wanavyofanya kwa herufi kubwa. Jaribu uone: S ikisogea safu moja, pikseli yake ya mstari wa pili inagusana kwa kona na ncha ya mkono wa T. Kwa ukubwa huu, kugusana kwa kona ni kuungana. T na S zinageuka umbo moja la ajabu. Tuliacha nafasi ilivyo. Kwenye pikseli 16 mara nyingi unachagua kati ya kasoro mbili, na kasoro ya mwachano inasomeka kuliko kasoro ya kushikana.

S ndiyo iliyokula muda. Umbo la mraba tulishalikataa kwa sababu ya tarakimu 5. Tulikata kona: mstari wa juu unaanzia pikseli ya pili, wa chini unaishia pikseli ya pili, na katikati inabaki pikseli moja inayounganisha pande mbili kwa mshazari. Sasa haifanani na 5, lakini imekuwa nyepesi. T ina mguu mnyoofu ambao pikseli zake zimeshikana ubavu kwa ubavu; S ina pikseli zinazokutana kwa kona tu, na jicho huona mstari wa namna hiyo kuwa mwembamba zaidi. Hapo ndipo rangi ya kati inapoingia, kushoto na kulia kwa ile pikseli ya katikati. Ni ukungu, ndiyo, lakini ni ukungu wa pikseli mbili uliouchagua mwenyewe na kuuweka mahali unapofaa.

Rangi yenyewe ilichaguliwa kwa kukumbuka lile jambo la mwanga. Kijani chetu ni #0B5D2A na nyeupe ni #FFFFFF. Katikati ya namba hizo ni #85AE94, na ukiiweka inaonekana bado nzito, kama kijani kilichochakaa. Nusu ya mwanga iko juu zaidi, karibu na #BCC4BD. Tuliishia jirani na hiyo ya pili. Usiende juu kupita hapo, maana pikseli hizo zitahesabiwa na jicho kuwa nyeupe kamili, na S itarudi kuelekea kwenye 5.

h ndogo ilikuwa zawadi. Inapanda hadi urefu wa herufi kubwa, kisha bega lake linakatwa kona kwa kuacha pikseli moja. Ukiijaza kona hiyo, bega linakuwa la mraba na h inasimama kama kiti. Bado inasomeka, ila haina ule mviringo unaoipa sura yake.

KSh ilileta swali gumu zaidi, na ndilo linaloeleza vizuri kuliko lolote kwa nini kazi hii haiachiwi programu ya kupunguza picha. Tazama herufi hizi tatu:

```
H     K     X
#.#   #.#   #.#
#.#   #.#   #.#
###   ##.   .#.
#.#   #.#   #.#
#.#   #.#   #.#
```

Mistari minne kati ya mitano ni ile ile. Kinachoifanya K kuwa K ni mstari wa katikati peke yake. Ongeza pikseli moja kulia, unapata H. Ondoa moja kushoto, unapata X. Herufi nzima imeshikiliwa na pikseli mbili. Picha ikipunguzwa na pikseli ile ya kulia ikapata rangi ya kijivu kidogo, ambayo lazima itaipata kwa sababu mikono ya K ya fonti hupitia hapo jirani, msomaji anabaki kati ya K na H. Nimewahi kuiona ikoni ya namna hiyo kwenye kompyuta ya kaunta moja Arusha, na mhasibu akauliza kwa dhati kabisa: "Kaka, hii HSh ni pesa ya wapi?"

Kwa hiyo kwenye K tulijinyima rangi ya kati kabisa. Mikono yake inaonekana imenyooka kama miguu, haina mshazari, na mchoraji yeyote wa herufi angekunja uso. Lakini hakuna anayeisoma H, na kwa kuwa Sh inafuata, akili ya msomaji wa Afrika Mashariki inamalizia yenyewe. USh haikuwa na shida: miguu miwili na mstari wa chini uliojaa. Ukiukata mstari huo ubaki pikseli ya katikati peke yake, U inakuwa V.

Kazi hii ina ukoo. Susan Kare alipoingia Apple mwaka 1983 kuchora ikoni za kompyuta ya Macintosh, ambayo ilitoka mwaka uliofuata, alianza kwenye daftari lenye miraba, akijaza miraba 32 kwa 32 kwa kalamu. Skrini ile ilikuwa na nyeusi na nyeupe tu, hivyo hakuwa hata na ile pikseli yetu ya rangi ya kati. Fonti za skrini alizochora zilikaa kwenye miraba hiyo hiyo. Zaidi ya miaka 10 baadaye, Matthew Carter alipobuni Verdana kwa ajili ya Microsoft, fonti iliyotoka 1996, alianza na herufi za pikseli za ukubwa mdogo, zikakubalika kwanza kwenye skrini, ndipo mistari laini ya herufi kubwa ikachorwa kuzifuata. Mpangilio huo, kidogo kwanza na kikubwa baadaye, ndio ninaoupendekeza kwa ikoni yoyote yenye maandishi. Ukishajua TSh yako ya pikseli 16 ina sura gani, unajua pia utepe wa picha ya 256 uwe wapi na upana gani, na ikoni zote zinafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa vifaa. Programu yoyote inayokuruhusu kuweka pikseli moja moja inatosha. Mimi natumia GIMP kwa kuwa ni ya bure na ipo kwenye kompyuta yoyote ninayokutana nayo. Jambo la kuzingatia ni kushika penseli, si brashi. Brashi hulainisha kingo zake hata ikiwa na ukubwa wa pikseli 1, na utaacha vivuli ambavyo huvioni mpaka faili iwe imeshatoka. Kuza picha kwa asilimia 1600, washa gridi, na fungua dirisha la pili la picha hiyo hiyo kwa asilimia 100. Dirisha la kwanza ni la mkono, la pili ni la jicho. Anayetazama la kwanza tu hujikuta anapamba miraba mizuri ambayo haisomeki.

Epuka pia njia ya mkato ambayo wengi huiona ni ya werevu: kuandika TSh kwa fonti ndogo, kupiga picha ya skrini, na kubandika. Windows huchora maandishi kwa mbinu ya ClearType, inayotumia vipande vyekundu, kijani na bluu vya kila pikseli kana kwamba ni nukta tatu tofauti. Kwenye skrini ile ile maandishi yanaonekana laini. Ukiyanakili, unanakili pia kingo zenye wekundu upande mmoja na ubuluu upande wa pili, ambazo zinategemea mpangilio wa skrini yako na hazina maana kwenye skrini ya mtu mwingine.

Namna ya kujua kama kuna uchafu umeingia ni kuhesabu rangi. Ikoni yetu ina uwazi, kijivu cha kingo za karatasi, nyeupe, kijani, na ile ya kati: tano. Programu ya ImageMagick huhesabu kwa amri moja:

```
magick identify -format "%k\n" tsh-16.png
```

Ikijibu 5, faili ni safi. Ikijibu 40, kuna mahali brashi au kupunguza picha kumepita. Ukitaka kumwonyesha mteja, usimtumie ikoni yenyewe ndani ya programu ya ujumbe kama picha, kwa sababu itabanwa kuwa JPEG na herufi zitazungukwa na vumbi. Ikuze bila kulainisha, kisha uitume kama faili:

```
magick tsh-16.png -filter point -resize 1600% kagua.png
```

Hapo kila pikseli inakuwa mraba wa 16 kwa 16, na mteja anaona ulichochora kweli.

Ukiwa na ikoni ya 16 peke yake bado hujamaliza, na hapa ndipo wengi huacha kazi njiani. Kompyuta mpakato nyingi za ofisini zenye skrini ya 1366 kwa 768 huonyesha vitu kwa asilimia 100, na hapo pikseli 16 ni pikseli 16. Lakini Windows ikiwekwa asilimia 125, mfumo unaitaka ikoni ya 20. Kwa asilimia 150 unaitaka ya 24. Kwa 200 unaitaka ya 32. Ukiwa hujaipa, hunyoosha ile ya 16 au hupunguza kubwa, na vyovyote iwavyo kazi yako yote ya pikseli inaharibika, maana kunyoosha 16 hadi 20 ni kutandaza kila pikseli nne juu ya tano.

Ya 20 inakera. Ungedhani nafasi imeongezeka, basi herufi ziwe na upana wa 4. Lakini T ya upana wa 4 haina safu ya katikati. Mguu wake lazima uwe na pikseli mbili, na papo hapo unakuwa mnene maradufu ya mistari ya S. Tuliziacha herufi zile zile za 3 kwa 5 na kuupanua utepe na karatasi peke yake. Maandishi yanaonekana madogo kidogo ndani ya ikoni, lakini ni makali. Ya 24 ni raha: inachukua herufi za 5 kwa 7, umbo lile lile la nukta linalotumika kwenye vioo vidogo vya mashine nyingi za risiti. Herufi tatu na nafasi zake ni 17, na hapo hata M ingeingia. K inapata mshazari wa kweli kwa mara ya kwanza.

Ya 32 inadanganya. Ni mara mbili kamili ya 16, hivyo unaweza kuzidisha kila pikseli kuwa mraba wa 2 kwa 2 na kupata kitu kikali kabisa. Upana unakuwa 22, unabaki na 10, tano kila upande, na tatizo la witiri limekwisha. Lakini kwenye skrini ya asilimia 200 ikoni hii ina ukubwa ule ule wa macho kama ya 16, na pikseli zake ni ndogo. Mtu anategemea mviringo, naye anaona ngazi. Anza na kuzidisha, kisha kata kona: pikseli moja kutoka bega la h, moja kutoka kila mpindo wa S, na mikono ya K ichongwe upya ielekee nje. Mguu wa pikseli mbili usiguswe.

Kuanzia 48 kwenda juu mkono unaweza kupumzika. Mchoro wa mistari unatosha, mradi uhakikishe miguu ya herufi inaanzia kwenye pikseli kamili na upana wake ni namba kamili. Mwisho faili zote huingia kwenye kifurushi kimoja, na Windows huchagua yenyewe inayohitajika:

```
magick tsh-16.png tsh-20.png tsh-24.png tsh-32.png tsh-48.png tsh-256.png tsh.ico
```

Kwenye ukurasa wa wavuti hakuna uteuzi wa namna hiyo kwa picha ya kawaida, kwa hiyo kipe kivinjari faili mbili na ukiachie kichague kulingana na skrini:

```
<img src="tsh-16.png" srcset="tsh-32.png 2x" width="16" height="16">
```

Upana na urefu viandikwe hivyo hivyo, namba kamili. Pia angalia ikoni isiwekwe katikati ya kisanduku chenye urefu wa witiri, kwa mfano 16 ndani ya 25, kwa sababu kukaa katikati kutadai pikseli nne na nusu juu, na kivinjari kinaweza kuilainisha picha ili kutimiza hiyo nusu. Msanidi wetu alikuwa ameweka mstari wa orodha urefu wa 25. Tulimwomba aongeze pikseli moja.

Majaribio ya mwisho hufanywa kwenye mashine ya mtumiaji, si yako. Fungua folda yenye faili za nchi zote tatu, panga kwa jina, keti umbali wa mkono, na mwombe mtu ambaye hakuona zikichorwa aonyeshe kwa kidole risiti za Kenya ziko wapi. Akisogeza uso mbele kabla ya kuonyesha, rudi kwenye ile pikseli ya K.